Jumla ya kushoto, ya kulia na ya katikati: ipi inapunguza na ipi inazidisha?

Tangu mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam katika eneo la Somanga, Mei 2024, habari za mafuriko ya mito ya kusini zimekuwa zikizungumzwa mara kwa mara, na ndani ya mazungumzo hayo namba za aina mbili huchanganywa kana kwamba ni za aina moja. Mtu anaposema mto ulikuwa unapitisha mita za ujazo 90 kwa sekunde, anataja kiwango cha mtiririko, yaani maji yanapita kwa wingi gani katika dakika ile anayotazama. Anaposema zimepita mita za ujazo milioni mbili, anataja jumla, yaani maji yote yaliyopita chini ya daraja tangu saa fulani hadi saa fulani. Tofauti hiyo ni ileile iliyopo kati ya mshale wa spidi kwenye pikipiki ya bodaboda na kilomita alizokwishakwenda kutoka Masasi kuelekea Newala: mshale hupanda na kushuka njia nzima, ilhali kilomita hujikusanya kidogo kidogo kutokana na kila alichoonyesha mshale.

Swali la makala haya ni hili: iwapo tunacho kiwango tu, tena si cha kila dakika bali cha saa chache zilizoandikwa kwenye jedwali, tunaipataje jumla, na tunajuaje kama jumla tuliyoipata imepungua au imezidi ile halisi? Wanafunzi wa kidato cha sita hulijibu swali hili kwa msemo waliokariri kwamba "kushoto hupunguza, kulia huzidisha". Msemo huo ni kweli katika hali moja tu, na katika hali iliyo kinyume chake ni uongo mtupu. Mto ndio mahali pazuri pa kuonyesha jambo hili, kwa sababu mto wa mafuriko hupanda kisha hushuka, na kwa hiyo huzionyesha hali zote mbili ndani ya siku moja.

Kabla ya kuingia kwenye hesabu, tuyaweke sawa maneno tutakayoyatumia. Muda wote wa kupima tunaugawa katika vipande. Ndani ya kila kipande tunajifanya kwamba kiwango hakibadiliki, tunachagua thamani moja ya kukiwakilisha, kisha tunaizidisha kwa urefu wa muda wa kipande hicho. Kwenye grafu, tendo hilo ni kuchora mstatili ambao upana wake ni muda na kimo chake ni ile thamani tuliyoichagua. Tukijumlisha maeneo ya mistatili yote tunapata kinachoitwa jumla ya Riemann, kwa jina la mwanahisabati Mjerumani Bernhard Riemann, ambaye katika andiko lake la mwaka 1854 huko Göttingen aliruhusu kimo cha mstatili kichaguliwe katika nukta yoyote ndani ya kipande. Tukichagua thamani ya mwanzo wa kila kipande tunapata jumla ya kushoto. Tukichagua ya mwisho wa kipande tunapata jumla ya kulia. Tukichagua ile iliyopimwa katikati ya kipande tunapata jumla ya katikati. Jumla iliyo ndogo kuliko jumla halisi tutaiita kadirio pungufu, na iliyo kubwa kuliko jumla halisi tutaiita kadirio lililozidi.

Sasa tuchukue mto wa mfano, tuseme mmoja wa vijito vinavyoingia katika Mto Lukuledi. Namba zitakazofuata nimezitunga kwa ajili ya hesabu, lakini umbo lake ndilo umbo la kawaida la mafuriko yanayopungua baada ya mvua kukatika: maji hushuka haraka mwanzoni, kisha kasi ya kushuka hupungua kadiri saa zinavyokwenda. Msomaji wa vipimo alikaa kwenye ubao wa kupimia kina, akaona maji yamefikia kilele saa 6 mchana, na kuanzia hapo akaandika kiwango kila baada ya saa mbili.

| Wakati | Kiwango (mita za ujazo kwa sekunde) |
|---|---|
| saa 6 mchana | 90 |
| saa 8 mchana | 66 |
| saa 10 jioni | 50 |
| saa 12 jioni | 38 |
| saa 2 usiku | 30 |
| saa 4 usiku | 24 |
| saa 6 usiku | 20 |

Vipimo ni saba, lakini vipande ni sita, kwa kuwa kipande ni nafasi iliyopo kati ya kipimo kimoja na kinachofuata. Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea, kwani wapo wanaojumlisha vipimo vyote saba na kuuzidisha muda kwa namba hiyo, na matokeo yake wanahesabu maji ya saa 14 wakati mto ulitazamwa kwa saa 12. Jambo la pili la kuangalia kabla ya kuzidisha ni vizio. Kiwango kimetolewa kwa sekunde na muda umetolewa kwa saa, kwa hiyo upana wa kila kipande hauwi 2 bali sekunde 7,200.

Kwa jumla ya kushoto tunachukua kipimo cha mwanzo wa kila kipande, na kwa hiyo tunakiacha kile cha mwisho kabisa, yaani 20. Tunajumlisha 90, 66, 50, 38, 30 na 24, tunapata 298. Tukizidisha kwa 7,200 tunapata mita za ujazo 2,145,600. Kwa jumla ya kulia tunakiacha kipimo cha kwanza, yaani 90, na kuanza na 66 hadi 20. Jumla ya vipimo hivyo ni 228, na tukizidisha kwa 7,200 tunapata mita za ujazo 1,641,600.

Tuitazame kwa makini sababu ya moja kuwa kubwa na nyingine kuwa ndogo, maana sababu hiyo ndiyo kiini cha mada nzima. Chukua kipande cha kwanza peke yake, kutoka saa 6 mchana hadi saa 8 mchana. Maji yalikuwa 90 mwanzoni na 66 mwishoni, na kwa kuwa yalikuwa yakishuka muda wote huo bila kupanda tena, hakuna dakika hata moja ambayo kiwango kilizidi 90 wala ambayo kilipungua chini ya 66. Mstatili wenye kimo cha 90 umeifunika grafu yote ya kipande hicho na kubakiza nafasi tupu juu yake. Mstatili wenye kimo cha 66 umekaa wote chini ya grafu na kuacha maji ambayo haukuyahesabu. Hali ni hiyo hiyo katika kipande cha pili, cha tatu na vyote vinavyofuata. Kwa hiyo jumla ya kushoto imezidi na jumla ya kulia imepungua, si kwa sababu ya upande wenyewe, bali kwa sababu kiwango kinashuka. Jumla halisi ya maji iko kati ya 1,641,600 na 2,145,600, na tunalijua hilo kwa uhakika, si kwa kubahatisha.

Tofauti kati ya namba hizo mbili ni 504,000, na haihitaji kutafutwa kwa kutoa jumla moja kutoka katika nyingine. Vipimo vyote vya kati, kuanzia 66 hadi 24, vimo katika jumla zote mbili, kwa hiyo vinafutana. Kinachobaki ni 90 kutoa 20, yaani 70, mara 7,200. Kwenye grafu, jambo hili huonekana kwa kuichukua ile mistatili midogo inayotofautisha jumla mbili, kuisukuma yote ikae kwenye kipande kimoja, na kuona kwamba inapandana juu ya mwenzake hadi kutimiza mstatili mmoja wenye upana wa kipande kimoja na kimo cha 70. Isaac Newton aliieleza hoja hii katika maandishi yake yaliyochapishwa mwaka 1687, akizungumzia umbo ambalo ukingo wake unateremka. Faida yake ni kwamba mtu hujua ukubwa wa shaka yake hata kabla ya kuanza kujumlisha. Anajua pia dawa yake: tungekuwa na vipimo vya kila baada ya saa nne tu, shaka ingekuwa 70 mara 14,400, yaani 1,008,000, ambayo ni maradufu, na tungepima kila saa moja, shaka ingekuwa nusu, yaani 252,000.

Turudi nyuma sasa, asubuhi ya siku hiyo hiyo, wakati maji yalipokuwa yakipanda. Msomaji hakupima kwa nafasi zinazolingana, kwa sababu mwanzoni mto ulikuwa haujaonyesha dalili ya kujaa, na kadiri ulivyopanda ndivyo alivyozidi kuusogelea ubao.

| Wakati | Kiwango (mita za ujazo kwa sekunde) |
|---|---|
| saa 12 asubuhi | 12 |
| saa 3 asubuhi | 28 |
| saa 5 asubuhi | 60 |
| saa 6 mchana | 90 |

Kipande cha kwanza kina saa tatu, cha pili saa mbili, cha tatu saa moja. Mwanafunzi aliyezoea kujumlisha vipimo kwanza na kuzidisha mara moja mwishoni atapotea hapa, kwa sababu hakuna upana mmoja wa kuzidishia. Kila kipimo kizidishwe kwa upana wa kipande chake. Kwa kushoto tunapata 12 mara 3, yaani 36. 28 mara 2, yaani 56. Na 60 mara 1, yaani 60. Jumla ni 152, ambayo tukiizidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja inatupa mita za ujazo 547,200. Kwa kulia tunapata 28 mara 3, yaani 84. 60 mara 2, yaani 120. Na 90 mara 1. Jumla ni 294, sawa na mita za ujazo 1,058,400.

Mambo yamegeuka. Kwa kuwa kiwango kinapanda, kipimo cha mwanzo wa kipande ndicho kidogo kuliko vyote ndani ya kipande hicho, na cha mwisho ndicho kikubwa kuliko vyote. Sasa kushoto ndiko kunakopunguza na kulia ndiko kunakozidisha, sawasawa na ule msemo wa kukariri. Anayeujua msemo peke yake atakuwa amepata asubuhi na kukosa mchana.

Je, kwa mafuriko yote, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 6 usiku? Hapa lipo kosa ambalo naliona kuwa baya kuliko mengine, kwa sababu halionekani kwa macho. Mtu akijumlisha kwa kushoto mwanzo hadi mwisho atapata 547,200 na 2,145,600, yaani 2,692,800, kisha ataandika kwamba hilo ni kadirio pungufu au kadirio lililozidi. Ukweli ni kwamba hawezi kusema lolote kati ya hayo mawili. Sehemu ya asubuhi imepungua kwa kiasi asichokijua, sehemu ya mchana na usiku imezidi kwa kiasi asichokijua, na hakuna kanuni inayomwambia ni ipi imeishinda nyingine. Njia sahihi ni kuukata muda pale kiwango kilipogeuka, yaani saa 6 mchana, kisha kuchagua upande unaofaa kwa kila sehemu. Anayetaka namba ambayo jumla halisi haiwezi kuwa chini yake atachukua kushoto kwa sehemu ya kupanda na kulia kwa sehemu ya kushuka: 547,200 na 1,641,600, yaani 2,188,800. Anayetaka namba ambayo jumla halisi haiwezi kuivuka atafanya kinyume chake: 1,058,400 na 2,145,600, yaani 3,204,000. Mhandisi anayejenga tuta la kuzuia maji yasiingie mashambani ataitumia ya pili. Anayehesabu maji ya kujaza lambo la mifugo, ambaye hataki kujidanganya kwamba anayo maji mengi, ataitumia ya kwanza.

Kuhusu jumla ya katikati, imani iliyoenea ni kwamba ni wastani wa kushoto na kulia. Sivyo. Wastani wa kushoto na kulia hutokana na kuchukua, kwa mfano, nusu ya 90 na 66, ambayo ni 78, na kuifanya kimo cha kipande cha kwanza. Hiyo ni kanuni ya trapeza, inayofundishwa kidato cha tano na cha sita katika mada ya hesabu za makadirio, na kwa jedwali letu la kushuka inatupa 263 mara 7,200, yaani 1,893,600. Jumla ya katikati hutaka kitu kingine: thamani iliyopimwa kweli katikati ya kipande. Jedwali letu halisemi kiwango kilikuwa nini saa 7 mchana, kwa hiyo hatuwezi kutumia vipande vya saa mbili. Tunachoweza ni kuviunganisha viwili viwili vikawa vipande vitatu vya saa nne, ambavyo katikati yake ni saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Vipimo vya nyakati hizo ni 66, 38 na 24, jumla yake 128, na upana sasa ni sekunde 14,400. Tunapata mita za ujazo 1,843,200.

Wengi huchagua vipimo sahihi kisha wakazidisha kwa upana wa zamani. 128 mara 7,200 ni 921,600, na namba hiyo inajishitaki yenyewe, kwa sababu iko chini ya jumla ya kulia, ambayo tayari tulihakikisha kwamba jumla halisi haiwezi kuwa ndogo kuliko hiyo. Kwa kiwango kinachoshuka tu au kinachopanda tu, jumla ya katikati ya jedwali lile lile haiwezi kutoka nje ya mipaka ya kushoto na kulia. Ikitoka, upana umekosewa au kipimo kimoja kimerukwa.

Je, 1,843,200 ni kadirio pungufu au lililozidi? Hapa ndipo kupanda na kushuka kunapoishiwa nguvu. Kujua kwamba kiwango kinashuka hakutoshi kulijibu swali hili, na mwanafunzi anayeandika kwamba "jumla ya katikati imezidi kwa sababu kiwango kinashuka" ametoa sababu isiyohusiana na jibu. Fikiria kipande cha saa nne za kwanza, kinachoanza na 90 na kumalizika na 50. Iwapo kipimo cha katikati ni 66, kama kilivyo kwetu, kiko chini ya 70, ambayo ni nusu ya njia kati ya 90 na 50, na hiyo ni dalili kwamba grafu imebonyea. Iwapo kingekuwa 80, kiko juu ya 70, na grafu ingekuwa imetuna. Katika hali zote mbili kiwango kinashuka, lakini jumla ya katikati hukosea kwa pande mbili zinazopingana.

Sababu yake inaonekana vizuri mtu akichora. Chora mstatili wenye kimo cha kipimo cha katikati, kisha chukua ukingo wake wa juu na uuinamishe kwa kuuzungusha kwenye nukta ya katikati, mpaka uiguse grafu bila kuikata. Upande mmoja ukingo umepanda na upande mwingine umeshuka kwa kiasi kile kile, kwa hiyo eneo la chini yake halikubadilika hata kidogo. Grafu iliyobonyea iko juu ya mstari huo kila mahali isipokuwa pale panapogusana, kwa hiyo eneo lake ni kubwa kuliko la mstatili: jumla ya katikati imepungua. Grafu iliyotuna iko chini ya mstari huo, kwa hiyo jumla ya katikati imezidi. Kanuni ya trapeza hukosea kwa upande wa pili, kwa kuwa mstari unaounganisha ncha mbili za grafu iliyobonyea hupita juu ya grafu.

Kwenye jedwali, kubonyea hutambuliwa kwa kuangalia hatua za kushuka zenyewe. Katika mfano wetu maji yalishuka kwa 24, kisha 16, 12, 8, 6 na 4. Hatua zinapungua mfululizo, na ndivyo mto unavyofanya kwa kawaida mvua inapokuwa imekatika. Tukikubali kwamba grafu imebonyea muda wote, jumla halisi iko juu ya 1,843,200 na chini ya 1,893,600. Shaka imebaki 50,400, ambayo ni sehemu moja ya kumi ya ile 504,000 tuliyokuwa nayo kwa kushoto na kulia, na hatukuongeza kipimo hata kimoja.

Lipo suala jingine linalowatatiza watu wa pwani kuliko wa bara, nalo ni kiwango chenye alama ya kutoa. Kwenye mlango wa Ghuba ya Mikindani, maji hujaa yakiingia na hupwa yakitoka; tukiyahesabu yanayoingia kuwa chanya, yanayotoka huwa hasi. Tuseme maji ya kupwa yanapungua nguvu, na katika vipimo vitatu vya kila saa kiwango ni hasi 40, hasi 25 na hasi 10, kwa kizio chochote. Watu husema kinashuka, kwa sababu maji yanayotoka yanapungua. Lakini kutoka hasi 40 kwenda hasi 10 ni kupanda, na kanuni haibadiliki: kushoto tunapata hasi 65, kulia tunapata hasi 35, na hasi 65 ndiyo ndogo, kwa hiyo kushoto ni kadirio pungufu. Anayetaka kusema ni maji kiasi gani yametoka, bila alama, atageuza maneno yake: yametoka yasiyozidi 65 na yasiyopungua 35. Kosa hutokea pale mtu anapouchanganya usemi wa kwanza na wa pili katika sentensi moja.

Limebaki sharti ambalo nimelitumia tangu mwanzo na ambalo jedwali haliwezi kulithibitisha. Vipimo vinavyoshuka havimaanishi kwamba kiwango kilishuka katika kila dakika ya kati. Mvua nyingine ikinyesha juu, upande wa Masasi, wimbi dogo linaweza kupita kati ya saa 10 jioni na saa 12 jioni bila kuacha alama kwenye jedwali, na mipaka yote tuliyoipata kwa kipande hicho itakuwa haina msingi. Ndiyo maana maswali mazuri ya mtihani husema wazi kwamba kiwango kinapungua katika muda wote, na jibu zuri huyarudia maneno hayo badala ya kusema "kwa sababu namba za jedwali zinapungua".

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye kilele. Tuseme msomaji wetu hakukaa kwenye ubao, bali alipita tu saa 5 asubuhi akaandika 60, akapita saa 6 mchana akaandika 90, akarudi saa 8 mchana akaandika 66. Kilele cha kweli kinaweza kuwa kilitokea kabla au baada ya saa 6, na kikawa juu ya 90. Je, mipaka yetu miwili ya mafuriko yote imeanguka yote? Ule wa chini haujaanguka. Ndani ya kipande ambamo maji yamepanda hadi kilele kisha yakashuka, kiwango kidogo kuliko vyote kiko kwenye ncha moja ya kipande, kwa hiyo 60 bado ndiyo ndogo kuliko zote kati ya saa 5 na saa 6, na 66 bado ndiyo ndogo kuliko zote kati ya saa 6 na saa 8. Namba 2,188,800 inasimama. Ule wa juu ndio ulioanguka, kwa sababu 90 haiwezi tena kuitwa kubwa kuliko zote.

Kuurudisha kunahitaji habari moja tu, nayo ni kimo cha kilele, hata kama saa yake haijulikani. Mara nyingi mto wenyewe huiacha: mstari wa tope kwenye nguzo ya daraja, au takataka zilizonasa kwenye matawi ya kingoni, huonyesha kina cha juu kabisa ambacho maji yalifikia, na kina hicho hubadilishwa kuwa kiwango cha mtiririko kama kilivyobadilishwa kina cha vipimo vingine. Tuseme mstari huo unatoa mita za ujazo 100 kwa sekunde. Tunaiweka 100 mahali pa 90 katika vipande viwili vinavyokizunguka kilele. Kwa sehemu ya kupanda tunapata 84, 120 na 100, yaani 304. Kwa sehemu ya kushuka, 298 inakuwa 308, mara saa mbili, yaani 616. Jumla ni 920, mara sekunde 3,600, sawa na mita za ujazo 3,312,000. Mpaka wa juu umepanda kwa 108,000, ambazo ni zile 10 za nyongeza zikizidishwa kwa saa tatu za vipande viwili vyenye shaka.